Wewe Uko Wapi Hapa?

Wodini walimwita Sista Kalamu, na hakulichukia jina hilo hata kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ndiye muuguzi anayeandika ripoti ya zamu ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Wenzake waliandika mikwaruzo. Yeye aliandika mwandiko uliosimama wima, na kila neno lilikaa mahali pake: mgonjwa amelala vizuri, mgonjwa analalamika maumivu upande wa kulia, mgonjwa amepewa dawa saa nane. Alichofundishwa tangu akiwa msichana ni kwamba muuguzi anaandika alichokiona na alichoambiwa, na maoni yake anakwenda nayo nyumbani. Aliitii sheria hiyo mpaka ikamwingia kwenye damu.

Basi alipopewa ruhusa ya masomo kwenda kuchukua shahada, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miwani kwenye kamba shingoni na goti moja bovu, hakuna aliyedhani kwamba kitakachomwangusha ni kuandika. Anatomia aliipita. Takwimu, ambazo vijana wenzake darasani walizililia, alizipita. Somo la maadili ya uuguzi ndilo lililomrudishia karatasi yenye alama thelathini na nane kati ya mia, kwa wino wa kijani, mbele za watu.

Swali lilikuwa moja tu: je, muuguzi anakosea kimaadili akimficha mgonjwa ukweli wa ugonjwa wake kwa sababu familia imeomba? Sista Kalamu alikuwa ameandika kurasa saba. Alianza na kamusi inasemaje kuhusu neno maadili. Akaendelea na tangu zamani binadamu amekuwa akijiuliza lipi jema na lipi baya. Kisha akaieleza nadharia inayopima tendo kwa matokeo yake, kurasa mbili safi. Akaieleza inayosimamia wajibu, kurasa mbili nyingine. Akaieleza inayouliza mtu mwema angefanya nini, ukurasa mmoja na nusu. Mwishoni akaandika kwamba kila nadharia ina uzuri na udhaifu wake, na kwamba jibu linategemea mtu na mazingira. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyekabidhi zamu bila kosa.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana mwembamba, rika la watoto aliowazalisha mwaka wake wa kwanza kazini. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa Nini, kwa sababu ndilo neno alilolijaza pembezoni mwa kila karatasi. Kwenye ya Sista Kalamu lilikuwepo mara kumi na moja. Na chini kabisa, pale ambapo mtu hutafuta neno la kumfariji, alikuwa ameandika: Nadharia nimezielewa. Wewe uko wapi hapa?

Alikwenda ofisini kwake akiwa amekasirika, na hasira za muuguzi mzoefu si za kuchezea. Alimwambia yule kijana kwamba hakuna kosa hata moja katika kurasa zile saba. Mwalimu akakubali. Akamvutia kiti, akamwita mama, akamwambia kwamba tatizo ndilo hilohilo: hakuna kosa kwa sababu hakuna alichokisema. Akamweleza kwamba insha ya maadili si ripoti ya nani alifikiri nini. Ni mtu anasimama, anasema jambo moja linaloweza kubishiwa, anatoa sababu zake, kisha anamsikiliza mpinzani wake aliye hodari kuliko wote na kumjibu. Nadharia ni vifaa. Unachukua kile unachokihitaji kwa kazi iliyo mbele yako, na hutandazi sanduku zima mezani ili watu waone unavyo.

"Ukisema inategemea, sema inategemea nini," alimwambia. "Na ukishasema, usikimbie."

Sista Kalamu akamuuliza kama basi ingetosha aandike tu anavyoamini. Mwalimu akatikisa kichwa. Kuamini si sababu, alisema, wala kwamba sheria inaruhusu au inakataza si sababu, maana bado tutauliza kama sheria yenyewe ni ya haki. Akamuuliza swali la kawaida kabisa, la mtu anayetaka kusaidia: katika miaka yote ile wodini, hajawahi kukutana na jambo hili yeye mwenyewe?

Sista Kalamu alisema hapana. Alilisema haraka, akachukua mkoba wake, akashukuru. Kwenye ngazi ilibidi asimame ashike ukuta, na safari hii haikuwa goti.

Nitalisema sasa hivi alilokuwa nalo moyoni, maana kumzungusha msomaji ni tabia mbaya. Mdogo wake Sista Kalamu, mtoto wa mwisho wa mama yao, alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu nyuma, katika wodi ileile, kwa saratani ya titi iliyokuwa imeingia kwenye ini. Daktari aliwaambia watu wawili: Sista Kalamu na kaka yao mkubwa. Kaka akalia mbele ya daktari, mtu mzima na mvi zake, akaomba mgonjwa asiambiwe. Akifahamu atakata tamaa, alisema, na akikata tamaa amekwisha. Sista Kalamu hakusema ndiyo wala hapana. Aliinama tu, akarudi wodini, akamtengenezea mdogo wake mto.

Marehemu alikuwa na mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa akisoma chuo mbali, siku mbili za safari, mwaka wa mwisho. Siku moja asubuhi, akipakwa mafuta miguuni, yule mgonjwa aliuliza, "Dada, nimwite mwanangu, au nimwache amalize mitihani?"

Na Sista Kalamu akajibu, "Mwache amalize."

Ni maneno mawili tu. Siku tisa kabla ya mtihani wa mwisho mdogo wake akafa, akiwa ameshachagua nguo ya kuvaa kwenye mahafali ya mwanawe. Binti alifika akakuta mama yake amefunikwa. Akaambiwa hali ilibadilika ghafla, hakuna aliyejua, na mama mkubwa ndiye aliyemwambia hivyo, akiwa amemkumbatia. Tangu siku hiyo binti akaishi kwake. Alipata kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, mkabala na geti la chuo, na jioni walikula pamoja, wakacheka pamoja, wakagombania rimoti. Sista Kalamu hakuwahi kuzaa. Alimpenda mtoto yule kwa mapenzi ambayo mtu akiyapata ukubwani huyashika kwa mikono miwili, akihofia kila siku kuyaangusha.

Sasa ukitaka kujua kwa nini alitandaza nadharia zote tatu bila kuchukua upande, jibu ndilo hilo. Wengine wanafupisha nadharia kwa sababu wao ni wavivu, au wageni, au wanaogopa kukosea mbele ya mwalimu. Yeye alijificha. Akisema muuguzi hakosei, atakuwa amemsaliti mdogo wake mara ya pili. Akisema anakosea, kuna mtu atakayechapa maneno hayo, kwa sababu insha zote za mama mkubwa zilichapwa na yule binti. Ilikuwa ndiyo raha yao. Mama mkubwa anaandika kwa kalamu, binti anachapa, na anamsahihisha.

Tena binti alizijua insha za maadili kuliko wanafunzi wenyewe. Nusu ya chuo ilichapa dukani kwake. Alishamwigizia mama mkubwa sauti ya mwanafunzi anayeanza na kamusi, na ya yule anayemwita mpinzani wake mjinga ili amshinde kwa urahisi. "Mama mkubwa, nikiona tangu zamani binadamu, vidole vinajichapia vyenyewe," alisema. Mama mkubwa aliporudi na thelathini na nane yake, binti aliyasoma yale maneno ya wino wa kijani, akamcheka kidogo, kisha akamtengenezea chai. Akamwambia ataandika tena, ana nafasi moja ya kurudia, na safari hii aseme anachofikiri. Alilisema kwa upendo mtupu, na lilimchoma mama mkubwa mpaka akashindwa kuimaliza ile chai.

Alikuwa na wiki mbili. Akianguka tena, ruhusa ya hospitali inaisha na shahada inaota mbawa. Wiki ya kwanza alijaribu kupiga chenga. Aliandika kwamba muuguzi anakosea, akaweka sababu, na akamtafuta mpinzani. Mpinzani aliyempata alisema kwamba kudanganya wagonjwa ni jambo zuri tu. Alimpeleka rasimu Mwalimu Kwa Nini, naye akaisoma palepale, akaweka kidole kwenye ile sentensi.

"Nani anasema hivi, mama? Mimi simjui mtu huyu."

Sista Kalamu akaivuta rasimu yake, akaikunja.

"Mpe mpinzani wako kiti kizuri," mwalimu akasema. "Mwache aseme kama ambavyo angesema mwenyewe, akiwa na uchungu wake. Ukimjibu huyo, umejibu."

Alirudi nyumbani na kumkalisha kaka yake kwenye kiti kizuri. Alikaa mezani asubuhi nzima, binti akiwa kazini, akaandika maneno ya kaka kama alivyoyasema siku ile: kwamba matumaini nayo ni dawa, kwamba kuna watu ambao habari mbaya huwaua kabla ya ugonjwa, kwamba waliomlea mgonjwa wanamjua kuliko daktari, na kwamba si kila mtu anataka kujua. Aliandika vizuri mno. Kwa muda nusura akubaliane nayo. Alilia juu ya karatasi ikabidi ainakili upya.

Kisha akamjibu. Aliandika kwamba ni kweli wapo wasiotaka kujua, na hao wana haki ya kutojua, lakini njia ya kuwafahamu ni kuwauliza wao wenyewe wangependa kuambiwa nini, wala si kuamua kwa niaba yao nje ya mlango. Aliandika kwamba familia inaweza kumjua mgonjwa na bado isiyajue yote anayotaka kuyafanya na siku alizobakiza. Na aliandika kwamba hoja ya matumaini haitoshi, kwa sababu kuna mambo yasiyongoja. Hapo akatoa mfano, akaeleza kwa tahadhari kwamba ni mfano wa kuonyesha hoja na si uthibitisho wa kila hali: mgonjwa mmoja, mwenye akili zake timamu, aliuliza kama amwite mwanawe au amwache amalize mitihani. Swali lile lilikuwa linauliza nimebakiza muda gani. Aliyejibu alijua. Mgonjwa akaamua kwa habari za uongo, na uamuzi wenyewe haukuweza kurudiwa. Familia, aliandika, ilifanya hivyo kwa upendo, lakini familia ilikosea.

Kurasa nne na nusu. Kamusi haikuwemo, binadamu wa zamani hakuwemo, na nadharia ilitajwa moja tu, kwenye sentensi mbili, pale alipohitaji kueleza kwa nini kumheshimu mtu ni pamoja na kumwachia maamuzi yake.

Angeweza kuipeleka kuchapwa duka jingine. Alifika hadi mlangoni mwa duka jingine, kweli, akasimama pale na bahasha kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa mwoga, tusimpambe. Lakini alikuwa amechoka na woga wake, na alijua kwamba kwa mdomo hataweza kamwe. Akarudi nyumbani. Jumatano asubuhi akaiweka bahasha mezani, karibu na kikombe cha binti, akasema, "Soma kabla hujachapa," akaenda chuoni kukaa maktaba bila kufungua kitabu chochote.

Alipofika nyumbani alasiri binti alikuwa amekaa palepale. Hakuwa amekwenda kazini. Chai ilikuwa imeganda utando juu.

"Ulijua lini?" binti akauliza.

"Wiki saba kabla."

"Wiki saba." Alizihesabu kwa vidole, polepole, nawe ungedhani anahesabu kitu kinachoshikika. "Nilikuwa na likizo ya wiki nzima humo ndani. Nilibaki chuoni nijisomee."

Sista Kalamu akaanza kusema kwamba mjomba ndiye aliyeomba, kwamba daktari naye alikubali, kwamba hali yenyewe ilikuwa... Binti alimwangalia tu mpaka maneno yakamwishia. Kisha akaomba aondoke atembee kidogo, na akaomba kwa adabu, kama ambavyo mtoto aliyelelewa vizuri na mama yake angeomba. Hakurudi siku hiyo. Alituma ujumbe kwamba yuko kwa rafiki yake, asihofu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kukabidhi. Alhamisi mchana dereva wa pikipiki alileta bahasha. Ndani yake kulikuwa na insha, imechapwa safi, pambizo sawasawa, kurasa zimepewa namba, hakuna hata herufi iliyoruka. Na flashi yenye faili la insha hiyo, ili arekebishe kama ana la kurekebisha. Chini kulikuwa na karatasi zake za mkono. Sista Kalamu alizipekua akitafuta barua, na barua haikuwemo. Kilichokuwepo ni mstari mmoja wa penseli, ukurasa wa nne, chini ya maneno familia ilikosea. Pembezoni, kwa mwandiko mdogo wa binti, palikuwa pameandikwa: Wewe uko wapi hapa?

Alikaa kitandani na karatasi ile mapajani. Hata kwenye ukweli wake alikuwa amejificha. Alikuwa ameandika 'aliyejibu alijua', kama anayemsimulia mtu aliyepita barabarani. Ripoti ya zamu, tena. Mgonjwa aliuliza, mgonjwa alijibiwa. Alijiona mjinga, na chini ya ujinga aliona kitu kibaya zaidi ya ujinga, na hicho ndicho kilichomlaza kifudifudi mchana kutwa.

Ijumaa asubuhi alikwenda chumba cha kompyuta chuoni. Hakuwahi kuchapa kitu kirefu kuliko jina lake. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, msichana wa kompyuta ya jirani akimsaidia kufungua faili na kuhifadhi. Alifuta maneno 'aliyejibu alijua'. Alifuta 'familia ilikosea'. Ilimchukua saa nzima kuweka badala yake hivi:

Niliyejibu ni mimi. Mgonjwa alikuwa mdogo wangu. Sikulazimishwa na mtu. Kaka yangu aliomba, na mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda chake alipouliza. Nilikosea, kwa sababu mwana aliyekuwa wa kuitwa alikuwa wake, na siku zilikuwa zake, nami nikazitumia kama zangu.

Alikabidhi saa tano na nusu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Sabini na mbili. Kwa Mwalimu Kwa Nini hiyo ilikuwa alama ya kusimuliwa. Neno lake la wino wa kijani lilikuwepo mara mbili tu, na moja lilikuwa la haki kabisa: alisema hoja kuhusu wagonjwa wanaouliza kwa mafumbo inahitaji kukazwa, maana si kila swali la fumbo linaomba ukweli wote. Kwenye aya ile moja hakuandika kitu. Wenzake darasani walimpigia makofi, yule mkongwe wao. Alitabasamu alivyoweza. Mtu wa kumwonyesha ile karatasi alikuwa mmoja, na hakuwa nyumbani wiki ya nne sasa. Mswaki wake ulikuwepo bado kwenye kikombe, na kila asubuhi Sista Kalamu aliuosha.

Alivuka barabara akaingia dukani. Kulikuwa na foleni ya wanafunzi, akapanga foleni. Ilipofika zamu yake binti aliinua macho. Alikuwa amekonda. Alikuwa na paji la uso la mama yake, na siku ile lilionekana kuliko siku zote.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akamsogezea insha. "Naomba nakala moja."

Binti akaipeleka kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne aliuchukua, akasimama nao, akausoma akiwa amewapa watu mgongo. Mwanga wa mashine ulipita chini ya kioo kitupu, ukarudi. Mwanafunzi mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Nakala ya nani?" binti akauliza, bila kugeuka.

"Yako."

Akaumalizia, akabana kurasa kwa pini, akarudi kaunta. Ile halisi akampa mama mkubwa. Nakala akaifungulia droo ya chini, ile ya vitu vyake mwenyewe, akailaza humo, akaifunga. Mikono yake yote miwili ikabaki juu ya kaunta.

"Ningekuja siku ileile," alisema, kwa sauti ya chini ambayo waliokuwa nyuma hawakuisikia. "Ungeniita tu, ningeiacha mitihani. Ningekuja kwa miguu."

"Najua."

"Na ulijua hilo pia."

"Nilijua," Sista Kalamu akasema.

Alikuwa na majibu. Mtu yeyote aliyeandika kurasa nne na nusu ana majibu. Lakini huyu hakuwa mpinzani wa kujibiwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta namna ya kuliweka vizuri. Alisimama pale mpaka binti akasema, kwa upole, kwamba watu wanasubiri. Akasogea pembeni. Mwanafunzi aliyemfuata akaweka karatasi zake kaunta, na binti akavuta kiti, akaanza kumchapia.